Amonia: grafu inasema 27, mtambo unatoa 15. Nyingine zinapotelea wapi?

Mwl. Chumbageni

Habari za jioni wadau. Nafundisha kemia kidato cha sita hapa Tanga mjini, na jana mwanafunzi wangu kaniuliza swali ambalo sijalala nalo vizuri.

Tulikuwa kwenye amonia, N2 + 3H2 ⇌ 2NH3. Nikaeleza kama miaka yote: mmenyuko unatoa joto, kwa hiyo ukipunguza halijoto msawazo unaegemea upande wa amonia. Molekuli nne za gesi zinakuwa mbili, kwa hiyo ukiongeza presha unapata amonia zaidi. Lakini ukipoza sana kasi inakufa, basi wenye viwanda wakachagua pa katikati, nyuzi 450 na atmosfia 200 juu ya kichocheo cha chuma. Nikachora grafu ya asilimia ya amonia kwenye msawazo.

Binti mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwenye grafu yako nyuzi 450 kwa atmosfia 200 ni kama asilimia 27. Halafu umesema gesi inayotoka kwenye mtambo ina amonia kama asilimia 15. Nyingine zimepotelea wapi?" Nikamjibu kwamba gesi haikai muda wa kutosha. Akasema, "Basi si waongeze kichocheo ikae zaidi?"

Kengele ikalia. Nimemwahidi jibu Jumatatu. Mwenye ujuzi wa viwandani anisaidie, maana naona jibu nililompa si lote.

Kijana wa Mikanjuni

Mwalimu hili si gumu. Kichocheo ndicho kinachosukuma msawazo kwenda kwenye amonia. Kikipata joto sana kinachoka, basi mazao yanashuka kutoka 27 hadi 15. Na presha nayo: wangepandisha hadi atmosfia 1000 wangepata karibu asilimia 70 kwa nyuzi hizo hizo 450, tatizo hakuna bomba linalohimili. Nimesoma hii chuo mwaka wa pili.

Fundi Barafu

Mimi natengeneza mitambo ya barafu ya samaki pale Deep Sea, mwaka wa 11 huu. Hizo atmosfia 200 zinanishangaza. Kompresa yetu inasukuma amonia hadi ba 12 au 13 hivi, ikifika kondensa inageuka maji. Kama wanataka amonia ya maji, 200 za nini? Wanachoma umeme bure.

Mwl. Chumbageni

Kaka Fundi, wewe amonia unayo tayari, unaigeuza tu kuwa maji na kurudi gesi. Hawa wanaiunda kutoka nitrojeni na haidrojeni. Presha yao ni ya kubana molekuli ziungane, siyo ya kuigeuza maji peke yake.

Kijana, nakushukuru, ila hapo kwenye kichocheo sikubaliani. Kichocheo hakigusi msawazo. Kinafupisha safari ya kwenda na ya kurudi kwa kiasi kilekile.

Mzee wa Raskazone

Mwalimu, huyo binti ameuliza swali zuri. Nimekaa miaka 19 kwenye chumba cha udhibiti cha mtambo wa amonia huko Ghuba kabla sijarudi nyumbani, acha nieleze ninavyoujua.

Kosa liko kwenye neno "450". Grafu yako inachukulia kwamba gesi inaingia ikiwa nyuzi 450, inamenyuka, inatoka ikiwa nyuzi 450. Hakuna mtambo wa namna hiyo. Wewe mwenyewe umesema mmenyuko unatoa joto. Joto hilo liko ndani ya chupa nene ya chuma iliyojaa kichocheo, halina pa kukimbilia. Linabaki kwenye gesi ileile. Kwa hesabu ya mkono tuliyokuwa tukitumia, kila asilimia moja ya amonia inayozaliwa inapandisha gesi kama nyuzi 15.

Sasa chukua kalamu. Gesi inaingia kwenye tabaka la kwanza la kichocheo ikiwa nyuzi 400, na ndani yake tayari mna amonia asilimia 3. Hizo 3 zinatoka wapi nitakuja kusema, na Fundi Barafu ndiye atakayetusaidia hapo. Ikifika asilimia 6 iko nyuzi 445. Ikifika 9 iko nyuzi 490. Ikifika 12 iko nyuzi 535. Na wakati inapanda hivyo, dari la msawazo, yaani amonia ya juu kabisa inayowezekana kwenye halijoto hiyo, linaishukia: kwa atmosfia 200 dari ni kama 38 kwenye nyuzi 400, kama 27 kwenye 450, kama 18 kwenye 500, na likifika karibu na 545 ni 12 au 13 tu. Mistari miwili inakutana hapo. Gesi imejipasha moto yenyewe mpaka imegonga dari lake.

Kwa hiyo mwambie binti hivi: ukiongeza kichocheo kwenye tabaka hilo mara kumi, gesi itakaa humo saa nzima na bado itatoka na 12 au 13. Pale muda si tatizo tena.

Kijana wa Mikanjuni

Mzee hapo umenigusa. Nakubali la kichocheo kutogusa msawazo, nilichanganya. Lakini basi dawa si ni kuingiza gesi ikiwa baridi zaidi? Ikianza nyuzi 300 inapata nafasi ndefu ya kupanda kabla ya kugonga dari.

Mzee wa Raskazone

Mahesabu yako ni sahihi. Ukiingia na nyuzi 360 badala ya 400, mistari inakutana kwenye 14 na kitu badala ya 12 na kitu. Kila nyuzi unayoipunguza mlangoni inakupa amonia. Ndiyo maana kila zamu ina mtu anayetamani kushusha mlango, yaani joto la gesi inayoingia, kidogo.

Kichocheo ndicho kinachokataa. Chuma hiki kinatengenezwa kwa kuyeyusha magnetaiti pamoja na alumina kidogo, potashi na chokaa, kisha kinanyang'anywa oksijeni kwa haidrojeni ndani ya mtambo wenyewe. Kikiwa kipya kinaamka kwenye nyuzi 360 au 370 hivi. Chini ya hapo gesi inapita kama maji juu ya mawe. Na upande wa juu, ukikipitisha 520 au 530 kwa muda mrefu, chembe zake ndogo zinashikana na uso wake unapungua, na hapo hakirudi ujana tena. Kijana aliposema kinachoka na joto, hilo ni kweli. Ila kinachopungua ni kasi ya miaka inayokuja, siyo msawazo wa leo.

Kinachofanyika ni kukata safari vipande. Tabaka la kwanza linaachwa lipande hadi nyuzi 505, amonia imefika 10. Gesi inatolewa, inapita kwenye kibadilisha joto ikipasha gesi mpya inayoingia, inashuka hadi 410. Tabaka la pili linaipeleka 14 na nusu kwenye nyuzi 478 hivi. Inapozwa tena hadi 400, tabaka la tatu linaifikisha 17 au 18 kwenye nyuzi 450. Ukizitazama halijoto hizo utaona zinapanda na kushuka kama meno ya msumeno, na kila jino kilele chake kiko chini ya lililotangulia. Mwanzo tunataka moto kwa ajili ya kasi maana dari liko mbali. Mwisho tunataka ubaridi maana dari ndilo linalotubana.

450 ya vitabuni ni wastani wa msumeno huo. Na zile 15 za kitabu zinatokana na mitambo yenye matabaka machache, au inayopoza kwa kuchanganya gesi baridi katikati, jambo linalozimua amonia iliyokwisha kupatikana. Pia gesi ya kweli ina agoni na methani zisizomenyuka, nazo zinashusha dari kidogo.

Mama wa Korogwe

Samahani naingilia. Mnazungumzia mbolea? Mimi nalima mahindi na maharage. Urea itashuka bei msimu huu? Na kile kiwanda cha mbolea cha Tanga kilikuwa kinafanya hayo ya matabaka?

Mzee wa Raskazone

Mama, bei siwezi kukuambia. Kiwanda cha Tanga kilichofungwa miaka ya 1990 mwanzoni hakikuunda amonia, kilikuwa kinaletewa kwa meli kikaichanganya na asidi kutengeneza mbolea. Matabaka haya yalikuwa yako huko ilikotoka meli.

Fundi Barafu

Mzee uliniahidi zile asilimia 3.

Mzee wa Raskazone

Nazikumbuka. Niambie kwanza, kondensa yenu mnaipoza kwa maji ya bahari. Maji ya Tanga mwezi wa tatu yana nyuzi ngapi, na geji ya presha inasoma ngapi?

Fundi Barafu

Maji 29, kuna siku 30. Geji 12 au 13 nilivyosema. Mwezi wa saba maji yakiwa 25 geji inashuka 11 hivi. Bomba likianza kuota kombe na uchafu wa bahari inapanda 15, hapo najua kazi ya kusugua imefika.

Mzee wa Raskazone

Umeshamaliza kazi yangu. Amonia kwenye nyuzi 30 haikubali kuwa maji mpaka sehemu yake ya presha ifike karibu ba 12. Geji yenu inasema hivyo kila siku.

Sasa, gesi inayotoka kwenye mtambo ina amonia asilimia 15 tu, zilizobaki ni nitrojeni na haidrojeni. Kwa atmosfia 200, sehemu ya amonia ni 15 katika 100 ya 200, yaani 30. Thelathini inazidi 12 kwa mbali, kwa hiyo maji ya bahari peke yake yanaangusha zaidi ya nusu ya amonia ikawa kimiminika. Chukua sasa mtu aliyeamua kubana matumizi ya kompresa akaendesha atmosfia 80 na akajitahidi kupata 15 zilezile. Sehemu ya amonia ni 12. Mbele ya bahari yetu hapati hata tone! Lazima anunue mtambo wa kupoza kama wako, mkubwa kuliko wote uliowahi kuuona Deep Sea, ili ashuke chini ya sifuri.

Hiyo ni hesabu ya haraka, gesi za presha kubwa zina ukorofi wao. Lakini inaonyesha kwamba presha ina kazi mbili: kuinua dari la msawazo na kuitoa amonia ikishapatikana. Anayetazama grafu anaona kazi ya kwanza tu.

Na zile 3 ni hapo. Hata ukipoza gesi hadi nyuzi sifuri, amonia bado inataka ba 4 na kitu za kubaki hewani. Juu ya 200 hiyo ni asilimia 2, na kwa ule ukorofi nilioutaja inakuwa kama 3. Haikamatiki, inarudi mlangoni pa mtambo na gesi isiyomenyuka, inayozungushwa tena. Nayo inaumiza mara mbili, kwa sababu imeshakula sehemu ya safari, na kwa sababu amonia ikijaa kwenye uso wa chuma inaziba nafasi za nitrojeni na kupunguza kasi.

Kijana wa Mikanjuni

Bado nashikilia langu la presha. Ukienda 1000 unapata dari la 57 kwenye nyuzi 500, zaidi ya mara tatu ya 18. Matabaka ya nini tena?

Mzee wa Raskazone

Na kuna aliyefanya, kwa hiyo lile la bomba kutohimili si sahihi. Georges Claude, Mfaransa, aliendesha karibu atmosfia 1000 miaka ya 1920. Mwanzoni kabisa bomba ndilo lililokuwa jinamizi: Carl Bosch na wenzake walipojaribu kukuza kazi ya maabara ya Fritz Haber iwe ya kiwanda, haidrojeni ilipenya kwenye chuma chenye kaboni ikala kaboni yake na mabomba yakapasuka baada ya siku chache. Bosch akaweka bomba la ndani la chuma laini kisicho na kaboni, la nje akalitoboa vitundu haidrojeni ivujie nje. Kiwanda chao cha Oppau, Ujerumani, kikawaka mwaka 1913.

Kinachomshinda mtu kwenda 1000 leo ni gharama, na lile joto nililolieleza. Dari likiwa mbali hivyo mmenyuko unakimbia, na asilimia 20 mpya ni nyuzi 300 za ziada. Joto hilo utalitoa wapi kabla halijaua kichocheo? Presha kubwa inakukimbiza kwenye ukuta uleule, upesi zaidi.

Ila kati ya 100 na 250 watu wazima wanabishana mpaka leo, na mitambo mizuri ipo pande zote mbili. Mtu mwenye maji baridi ya kaskazini hapigi hesabu sawa na mwenye bahari ya nyuzi 30.

Mwl. Chumbageni

Shikamoo mzee, nilisahau adabu kwa kunogewa. Nina swali moja. Umesema kila zamu ina mtu anayetamani kushusha mlango. Akishusha kupita kiasi mnajuaje?

Mzee wa Raskazone

Marahaba mwanangu. Hilo nimelishuhudia kwa macho.

Ilikuwa usiku, kichocheo chetu kina miaka sita. Mlango wa tabaka la kwanza ulikuwa 385. Mwenzangu aliona uzalishaji umelegea kidogo, akafungua valvu ya gesi baridi kushusha mlango hadi 378, kwa hesabu ileile ya Kijana. Kwa robo saa alikuwa sahihi, amonia ilipanda kidogo.

Kisha kipimajoto cha juu kabisa ndani ya tabaka kikaanza kushuka, wakati cha chini ya tabaka hakijashtuka. Ukiona hivyo ujue moto unateremka: gesi inaamkia chini zaidi kila dakika. Baadaye na cha chini kikaanza, 495, 488, 470. Na kumbuka gesi inayotoka ndiyo inayopasha inayoingia. Ikitoka baridi, inayoingia inakuwa baridi zaidi, inaamka kidogo zaidi, inatoka baridi zaidi tena. Mlango ukaenda 371 bila mtu kugusa kitu. Wakati huohuo presha ya mzunguko ikapanda, kwa sababu gesi mpya inazidi kuletwa na hakuna anayeila. Presha inayopanda huku matabaka yanapoa maana yake ni moja: mmenyuko unazimika.

Tulifunga gesi baridi yote, tukapunguza mzunguko ili gesi ipite polepole, tukaachia gesi mpya nje, lakini tulikuwa tumechelewa. Ikabidi tuwashe tanuri la kuanzia kama siku ya kwanza ya mtambo. Kwa muda wa saa tisa hatukutoa tone. Kwa nyuzi 7!

Kichocheo kikizeeka kinataka mlango wa moto zaidi, na mlango wa moto zaidi unashusha dari. Kila mwaka unalipa asilimia kidogo ili moto usizimike. Kitabu kinasema kasi dhidi ya mazao. Sisi tulikuwa tunaishi na hilo kwenye valvu moja ya gesi baridi.

Fundi Barafu

Mzee, haikuwa sumu? Kwetu maji yakiingia kwenye amonia kila kitu kinaharibika.

Mzee wa Raskazone

Swali la fundi kweli. Tuliliuliza usiku uleule. Maji au kaboni monoksaidi ikipenya, hata kidogo sana, tabaka la kwanza linalegea pia. Tofauti ni kwamba sumu mara nyingi inapiga tabaka la kwanza, kazi yake inahamia la pili, nalo linapanda joto kuliko kawaida. Kwetu la pili halikupanda, likafuata la kwanza kushuka. Mimi niliamini ni mlango. Bosi wangu hadi anastaafu aliamini kulikuwa na unyevu kidogo uliotangulia, na kipimo cha unyevu kilikuwa kwenye matengenezo usiku huo, kwa hiyo hatukumalizana.

Kijana wa Mikanjuni

Na kichocheo cha rutheniamu? Nimesikia kinaamka kwenye ubaridi zaidi na hakizibwi sana na amonia.

Mzee wa Raskazone

Ni kweli, na kuna mitambo inakitumia kwenye matabaka ya nyuma kwa presha ya chini ya 100. Ni ghali mno, na mimi sijakishika. Anayekijua aje aseme, tena atuambie kama inalipa kwenye bahari ya moto.

Mwl. Chumbageni

Nimerudi kutoka darasani. Nimewachorea dari la msawazo kwa chaki nyeupe na mstari wa nyuzi 15 kwa chaki nyekundu, kisha nikamwita yule binti achore matabaka matatu mwenyewe. Alichora meno ya msumeno, akasimama akiyatazama. Halafu akaniuliza: "Mwalimu, tabaka la mwisho liko baridi na limejaa amonia, kasi yake ni ndogo. Mbona yote umeyachora sawa? La mwisho si lingekuwa kubwa kuliko yote?"

Mzee, nimwambieje?

Mzee wa Raskazone

Mwambie ndivyo lilivyo. Kwenye mtambo wetu la kwanza lilikuwa dogo kuliko yote, na la mwisho lilibeba zaidi ya nusu ya kichocheo. Hapo ndipo lile wazo lake la kuongeza kichocheo ili gesi ikae zaidi linapofanya kazi.